Zaka ya mama wa vitenge

Mchukulie mama mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo, upande wa Mtaa wa Msimbazi. Hana jina kwa sababu tulimtunga darasani, ila kila aliyewahi kukatiza mitaa ile amewahi kununua kwake. Mwaka wake wa biashara umeisha. Kwenye simu na benki ana shilingi milioni 6. Mzigo uliopo dukani na stoo, kwa bei ya leo, ni milioni 18. Wateja wake wa Mbagala na Kibaha waliochukua kwa mali kauli wanadaiwa milioni 2, na ni watu anaowajua, watalipa. Yeye mwenyewe anadaiwa milioni 3 na aliyemletea mzigo. Swali tulilowapa wanafunzi wa kidato cha tatu lilikuwa fupi: dini yake inamtaka atoe nini, na ampe nani?

Dini yake hatukuitaja. Kila kikundi kilipewa dini ya kumvika, na sharti lilikuwa kwamba huruhusiwi kumvika ya kwako.

Mimi nafundisha Uraia, si dini. Kwenye shule nyingi za hapa Dar es Salaam, kengele ya kipindi cha dini ikilia darasa linagawanyika. Waislamu wanakwenda kwa ustadhi, Wakristo wanabaki na mwalimu wao, Wakatoliki pengine wanahamia chini ya mwembe na katekista. Watoto wanakaa dawati moja miaka minne, wanakopiana hesabu na wanagawana mihogo ya kukaanga, lakini kila mmoja anachojua kuhusu ibada ya mwenzake ni kile alichosikia kwenye daladala. Tulipopata ruhusa ya kufanya mradi wa pamoja, mimi, ustadhi na mwalimu wa Elimu ya Biblia tulichagua utoaji, kwa sababu ni jambo linaloonekana kwa macho na lina hesabu ndani yake. Mtoto wa kidato cha tatu ukimpa hesabu hawezi kukudanganya kwa maneno matamu.

Kazi za namna hii zina mwisho wake uliozoeleka: jedwali kwenye manila. Safu ya kwanza jina la dini, ya pili asilimia, ya tatu aya, na chini kwa wino mwekundu, "Dini zote zinafundisha upendo." Uislamu 2.5, Ukristo 10, basi, gundi ikauke. Jedwali hilo nililikataa tangu siku ya kwanza, kwa sababu linaweka zaka kando ya zaka na kudhani ni kitu kimoja. Muislamu anatoa zaka na Mkristo anatoa zaka, hata Malaki kwenye Biblia ya Kiswahili anaagiza zaka kamili iletwe ghalani. Lakini ukimfuata mama wetu na kikokotoo mkononi, unakuta ni mali mbili tofauti, zinazotoka sehemu mbili tofauti na kwenda kwa watu tofauti.

Tuanze na kikundi kilichomvika Uislamu. Walikuwa Walutheri wawili, Msabato mmoja na Mkatoliki mmoja, na walikuwa wanamfuata ustadhi kila mapumziko mpaka akaanza kuwakimbia.

Jambo la kwanza walilojifunza ni kwamba zaka ya biashara haiulizi umeingiza kiasi gani. Inauliza una nini mkononi mwaka ulipotimia. Fedha taslimu inahesabiwa, iwe kwenye droo au kwenye simu. Bidhaa za kuuza zinahesabiwa kwa thamani yake ya siku hiyo ya hesabu, hata kama ulizinunua kwa bei ndogo. Madeni unayotegemea kulipwa yanahesabiwa. Rafu, feni, cherehani ya kupindia, pikipiki ya kupelekea mizigo na nyumba anayolala havihesabiwi, kwa sababu haviuzwi. Kwa mama wetu inakuja 6 jumlisha 18 jumlisha 2, yaani milioni 26.

Kisha inaulizwa kama mali hiyo imefika nisabu, kiwango ambacho chini yake hudaiwi kitu. Nisabu ina vipimo viwili vya zamani: dinari 20 za dhahabu, ambazo leo wengi wanazikadiria kuwa gramu 85, au dirhamu 200 za fedha, yaani gramu 595. Tulikubaliana bei ya mfano ili hesabu isituyumbishe, gramu ya dhahabu shilingi 250,000 na gramu ya fedha shilingi 3,000. Kwa dhahabu nisabu inakuwa 21,250,000. Kwa fedha inakuwa 1,785,000. Mama wetu amevuka zote mbili. Anatoa robo ya sehemu ya kumi, na ustadhi akawafundisha njia ya mkato ya kugawa kwa 40. Milioni 26 gawa kwa 40 ni shilingi 650,000.

Hapo mtoto mmoja akainua mkono. "Ustadhi, samahani, ile milioni 3 anayodaiwa hatuitoi?"

Swali zuri kuliko alivyodhani. Wanazuoni wengi wanasema unatoa kwanza deni ulilonalo, kwa hiyo inabaki milioni 23, na zaka ni 575,000. Lakini madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye mizizi mirefu katika pwani yetu hii, katika kauli yake inayotegemewa inasema deni halizuii zaka. Mali iko mikononi mwako, itoe haki yake, na deni ni jambo lako na mdai wako. Tofauti ya shilingi 75,000 ikazaa mjadala uliokula kipindi kizima. Nilifurahi, kwa sababu mpaka dakika ile wale watoto wanne waliamini kwamba Waislamu wote wanasema kitu kimoja. Kila mtu huamini hivyo kuhusu dini ya jirani, na ya kwake peke yake ndiyo anayoijua kuwa na mabishano.

Umbali kati ya vile vipimo viwili vya nisabu nao si mdogo. Kwa huyu wa vitenge haubadilishi kitu. Lakini mweke pembeni yake mama lishe wa Buguruni mwenye akiba ya milioni 4 iliyokaa mwaka mzima. Kwa kipimo cha fedha anadaiwa zaka ya shilingi 100,000. Kwa kipimo cha dhahabu hadaiwi hata senti, na huenda jirani zake wanamwona ni wa kusaidiwa. Wanaoshika kipimo cha fedha wanasema kinawanufaisha maskini wengi zaidi, kwa kuwa watoaji wanaongezeka. Wanaoshika dhahabu wanasema fedha imeshuka thamani mno, na mtu mwenye kiasi kile hawezi kuitwa tajiri. Wanafunzi waligawanyika nusu kwa nusu. Ustadhi hakuwaamulia. Aliwaambia wakitaka fatwa wamwendee mufti, yeye ni mwalimu tu.

Kosa lililojirudia hapa ni la kalenda. Vikundi vilihesabu kuanzia Januari hadi Desemba. Mwaka wa zaka ni wa mwezi mwandamo, mfupi kwa takriban siku 11, ndiyo maana wafanyabiashara wengi hufunga hesabu zao Ramadhani. Ukiona mwanafunzi ameandika "zaka hutolewa mwisho wa mwaka" bila kusema mwaka upi, ujue amenakili.

Sasa mvue mama baibui, mvalishe kitenge cha Jumapili. Kikundi cha pili kilikuwa na Waislamu watatu na Mkristo mmoja wa kanisa la Kipentekoste, ambaye alikatazwa kusema mpaka aulizwe. Hapa ile milioni 26 haina kazi. Fungu la kumi linaangalia kinachoingia, si kilichokaa. Ikabidi tumtungie mama faida: milioni 1 na laki 2 kwa mwezi baada ya kodi ya fremu, mshahara wa kijana wa duka na mengineyo. Sehemu yake ya kumi ni 120,000 kwa mwezi, 1,440,000 kwa mwaka.

Zaidi ya mara mbili ya ile 650,000, na ndipo ushabiki ulipotaka kuingia. Sauti kutoka nyuma ikasema Wakristo wanatoa zaidi. Ikajibiwa kwamba Waislamu wametajwa kuwa na sadaka nyingine nje ya zaka. Tukawanyamazisha wote na kuwapa mkulima wa mahindi wa Kilosa.

Mkulima huyo amevuna gunia 20 za kilo 100. Akiwa Muislamu, zaka ya mazao haisubiri mwaka wala haigawi kwa 40. Inatolewa siku ya mavuno, ikiwa mavuno yamefikia wasaki tano, takribani kilo 650. Shamba la mvua linatoa sehemu ya kumi, yaani gunia 2. Shamba la kumwagilia kwa gharama linatoa nusu ya hiyo, gunia 1. Akiwa ni Mwisraeli wa kale wa Mambo ya Walawi 27, naye anatoa kumi ya mazao ya nchi: gunia 2. Ukiweka mavuno kando ya mavuno, kumi inakutana na kumi. Ile 2.5 na 10 ya kwenye manila ilikuwa imeweka stoo ya muuza duka kando ya shamba la mkulima, kisha ikataka tushangae kwamba hazilingani.

Torati inapoagiza fungu la kumi inazungumza nafaka, divai, mafuta na mifugo. Haina duka la vitenge. Kwa hiyo kikundi kilipouliza "kumi ya nini, mauzo au faida?" kilipata majibu kadiri ya makanisa. Yule kijana wa Kipentekoste alisema mchungaji wao anafundisha kumi ya kila kinachoingia, kabla hujatoa chochote. Msabato wa kikundi kile kingine alieleza kwamba kwao zaka ni ya kazi ya injili na watumishi wake, na sadaka ni bahasha nyingine kabisa. Mlutheri alileta bahasha ya ahadi ya mama yake, ambayo mtu anajipangia mwenyewe mwanzo wa mwaka atatoa kiasi gani, na akasema hajawahi kusikia mtu akiulizwa asilimia. Mkatoliki alijua kadi ya zaka ya parokiani. Mwalimu wa Biblia akamwonyesha kwamba sheria ya Kanisa, kanuni ya 222, inamtaka muumini asaidie mahitaji ya Kanisa na pia awasaidie maskini, bila kutaja asilimia yoyote.

Agano Jipya nalo liliwasumbua kwa namna yake. Yesu anawataja wanaolipa zaka ya mnanaa, bizari na jira huku wameacha adili na rehema. Hasemi waache kulipa, lakini hasemi pia kwamba hesabu hiyo inatosha. Paulo anawaandikia Wakorintho kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Na mjane mwenye senti mbili pale hekaluni alitoa vyote alivyokuwa navyo, ambavyo ni asilimia mia. Kijana mmoja wa Kiislamu, mzuri wa hesabu, aliandika kwenye daftari lake kwamba kwa Wakristo kiasi cha chini hakieleweki na cha juu hakina mwisho. Mwalimu wa Biblia alilisoma lile daftari kwa sauti mbele ya darasa, akasema hajawahi kupata muhtasari mzuri kama huo kutoka kwa Wakristo wake.

Swali la pili, ampe nani, ndilo lililovunja kabisa lile wazo la kuweka zaka kando ya zaka.

Sura ya tisa ya Kurani, aya ya 60, inataja mafungu manane: mafakiri, maskini, wanaokusanya zaka, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, kukomboa watumwa, wenye madeni, katika njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyeharibikiwa. Wanafunzi walishangaa msikiti haumo. Wanazuoni walio wengi tangu zamani hawaruhusu zaka ijenge msikiti wala kulipa umeme wake. Msikiti unajengwa kwa sadaka na kwa wakfu, ile mali ambayo mtu ameifunga isiuzwe wala kurithiwa ili manufaa yake yaendelee. Mama wetu wa vitenge akitaka kununua zulia la msikitini, ni mfuko mwingine.

Fungu la kumi la Torati lilikuwa na njia zake. Katika Hesabu 18 linakwenda kwa Walawi, waliohudumu katika hema ya kukutania na hawakuwa na urithi wa ardhi. Katika Kumbukumbu la Torati 14 mwenye kutoa na nyumba yake wanalila wenyewe kwa furaha mbele za Bwana, jambo lililowachekesha sana watoto, na kila mwaka wa tatu linawekwa mjini kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Makanisa ya leo yanayokusanya fungu la kumi, kwa sehemu kubwa yanaendeshea kanisa na watumishi wake, na maskini wanapata kwenye mikono mingine: sadaka maalumu, diakonia ya Walutheri, jumuiya ndogondogo za Wakatoliki zinazokwenda na kilo za sukari kumwona mgonjwa.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha kwa haki, unaangalia fedha inafanya kazi gani. Fedha inayompa mshahara mchungaji na kuezeka kanisa, mwenzake ni wakfu na sadaka ya msikiti, si zaka. Zaka ya Kiislamu, mwenzake ni ule mfuko wa diakonia na kapu la jumuiya. Tofauti ya kweli inabaki hata baada ya kupanga vizuri: Muislamu ana kiasi kilichoandikwa na orodha ya wapokeaji iliyofungwa, na maskini ana haki ndani ya mali hiyo hata mwenye mali asipompenda. Mkristo ana amri ya kumpenda jirani na hana orodha, na kiasi kinaamuliwa na moyo au na kanisa lake. Hizo ni njia mbili za kumlinda maskini, moja ikihofia moyo wa tajiri utasahau, nyingine ikihofia moyo utajiona umemaliza kazi. Hayo ni maoni yangu, na ustadhi aliyakubali nusu.

Kazi hii ina namna yake ya kuharibika, na ni nzito kuliko kosa la hesabu. Rasimu moja ilisema: "Waislamu hutoa kwa ajili ya maskini, Wakristo hutoa ili wachungaji wanunue magari." Nyingine, kutoka meza ya pili: "Wakristo hutoa kwa upendo, Waislamu hutoa kwa sababu wamelazimishwa." Zote mbili zina ugonjwa mmoja, na dalili yake ni rahisi kuiona. Upande mmoja wa sentensi umetoka kitabuni, upande wa pili umetoka mtaani. Krister Stendahl, askofu wa Kilutheri wa Stockholm, anakumbukwa kwa kanuni tatu alizotoa mwaka 1985: ukitaka kujua dini ya watu waulize wenyewe na si wapinzani wao, usilinganishe kilicho bora kwako na kilicho kibaya kwao, na acha nafasi moyoni ya kutamani kitu kizuri ulichokiona kwa mwenzako. Ile ya pili tuliigeuza kuwa kalamu nyekundu. Sentensi yoyote yenye kitabu upande huu na mtaa upande ule inarudi kwa mwenyewe. Andika kitabu kwa kitabu, au mtaa kwa mtaa. Na kabla kazi haijasahihishwa, mwenye dini aisome na aseme kama anajitambua humo. Kwenye rasimu za mwanzo hawakujitambua.

Uhindu na Usikh niwe mkweli havikupata nafasi sawa, kwa sababu darasani hatukuwa na mtoto wa kutusahihisha. Kikundi kimoja kilikwenda kuongea na mzee wa hekalu moja la Mtaa wa Kisutu, wakaamkia, wakapewa maji, wakauliza asilimia. Mzee akacheka. Akawafungulia Bhagavad Gita sura ya 17, ambako Krishna hasemi kiasi hata kidogo. Anapanga zawadi kwa namna inavyotolewa: iliyo njema ni ile inayotolewa kwa sababu ni wajibu, mahali na wakati unaofaa, kwa mtu asiyetarajiwa kurudisha. Ya katikati ni inayotolewa kwa kinyongo au kwa kutegemea malipo. Ya chini ni inayotolewa kwa dharau, kwa asiyestahili. Kwa Masingasinga wanafunzi walikuta kumi tena, inayoitwa dasvandi, na walikuta langari, jiko la gurudwara ambako kila anayeingia anakaa chini kwenye mstari mmoja na kula chakula kilekile, tajiri na masikini, wa dini yoyote. Msichana aliyeshughulikia langari aliandika kwamba pale huwezi kujua nani anasaidiwa, kwa kuwa hata mwenye duka la vitenge angekaa chini na sahani. Nilimpa alama zote za kipengele hicho.

Sentensi yake ilitupeleka kwenye swali ambalo halikuwa kwenye mpango: nani anaona unapotoa?

Katika Mathayo 6 Yesu anasema utoapo sadaka, mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, watu saba wamewekwa chini ya kivuli cha Mwenyezi Mungu siku isiyo na kivuli kingine, na mmoja wao ni mtu aliyetoa sadaka akaificha hata mkono wake wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Mikono ile ile. Tuliziandika mbili ubaoni bila kutaja zimetoka wapi, na darasa zima likabishana ipi ni ya nani. Hakuna aliyepata kwa uhakika.

Lakini ni rahisi kusimama hapo na kupiga makofi, na hapo ndipo wengi wanasimama. Ukisoma mbele kidogo, pande zote mbili zinajua kwamba kuficha si jibu la kila mahali. Mathayo huyohuyo, sura moja tu kabla, anasema nuru yenu iangaze mbele ya watu wapate kuyaona matendo yenu mema. Kurani sura ya pili, aya ya 271, inasema mkizitoa sadaka waziwazi ni vizuri, na mkizificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi kwenu. Wengi wa wafasiri wanatenganisha: sadaka ya hiari ifichwe, zaka ya faradhi haina ubaya ikionekana, ili mwenye mali asishukiwe kwamba halipi na wengine wapate mfano. Aya chache kabla ya hiyo kuna onyo kwamba sadaka inabatilika kwa masimango na maudhi. Kinachoharibu sadaka pale ni kumkumbusha uliyempa.

Hapa watoto walianza kuongea Dar es Salaam yao wenyewe. Wakasema za futari za kugawa, ambako mtu anasimamishwa na mfuko wa tende na mchele mpaka picha itoke vizuri. Wakasema za makanisani, waliotoa mifuko ya saruji wanapanda mbele mmoja mmoja na kipaza sauti. Hatukuruhusu majina, na aliyetaja la dini nyingine alitakiwa ataje na la kwake. Msichana mmoja akasema shangazi yake aliacha kwenda kuchukua futari kwa sababu ya picha. Mvulana mmoja akajibu kwamba bila picha mfadhili wa mbali haamini kama mchele ulifika. Wote wawili walikuwa na haki.

Nikawaongezea kuni. Je, mchango wa harusi ni sadaka? Wote wakasema hapana, na walijua sababu: kadi ina kiwango, na kamati ina daftari la nani ametoa, ili nawe ukioa wakumbukwe wa kukurudishia. Na rambirambi? Kimya kidogo. Rambirambi nayo ina daftari. Kwa kipimo cha Gita ingeanguka daraja la kati, kwa kuwa inategemea kurudi. Mwanafunzi mmoja akapinga kwa nguvu: baba yake alipofiwa, lile daftari ndilo lililowaonyesha ni akina nani waliosimama nao, na kuwarudishia ni heshima, si malipo. Sikuwa na la kumjibu, wala ustadhi, wala mwalimu wa Biblia, ambaye ndiye aliyekuwa na aya nyingi kuliko sisi sote.

Wiki ileile mwenzao wa kidato cha tatu B alifiwa na mama yake. Darasa likachanga. Kulingana na walivyokuwa wameandika kwenye mradi wao, viranja wakatangaza kwamba safari hii majina na kiasi hayatawekwa kwenye kundi la wasapu, jumla tu ndiyo itakayotajwa. Mwekahazina, binti anayeuza ubuyu mapumziko na anayejua fedha za watu zilivyo na maneno, alikataa katakata. Alisema asipoandika majina, ikikosekana elfu 5 ataulizwa yeye, na mkono wa kushoto wa Mathayo hautakuja kumtetea. Walibishana mpaka kengele. Mwishowe akakubali kuandika majina kwenye daftari lake mwenyewe, akaahidi kulionyesha kwa mwalimu wa darasa peke yake, na kwenye kundi akatuma mstari mmoja wenye jumla. Mvulana mmoja akamwandikia faragha kuuliza kama jina lake limo.

"Limo," akamjibu, "ila huna ruhusa ya kuliona."